Usimwambie Mama Mkubwa Afute WhatsApp

Vijana wenzangu, leo nataka tuambizane ukweli. Mzazi akikupigia na kusema "Watsapu imebloke", wengi wetu tuna jibu moja la haraka: "Futa, halafu pakua upya." Ni jibu fupi, halihitaji uvumilivu, na kwenye simu yangu au yako mara nyingi linafanya kazi. Lakini kwa simu ya mzee aliyekimbia vita naona ni jibu la hatari, na tunapaswa kuliacha kabisa.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilishalitoa. Baba yangu mdogo yuko kambi nyingine, mbali na mimi. WhatsApp yake iliganda, nikamwambia aifute aipakue tena. Akanitii. Ile mpya ilipofunguka ikamwomba namba ya simu, naye akaandika namba yake ya Kongo, ile inayoanza na +243, maana ndiyo watu wote wanayo. Ikamwambia imetuma ujumbe wenye tarakimu sita kwenye namba hiyo. Sasa ile kadi ya Kongo ilipotea njiani siku tulipokimbia. Ujumbe ulitumwa, lakini hakukuwa na simu ya kuupokea. Alijaribu siku tatu. Mwishowe akafungua akaunti mpya kwa laini ya huku, ikafunguka tupu. Kikundi cha ukoo hakimo, namba za watu alizokuwa amezihifadhi humo kwa mazungumzo hazimo, na maneno yote ambayo marehemu mke wake alikuwa akimwandikia hayamo. Hakunilaumu. Alisema tu, "Basi, mwanangu, imeshatoka." Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Tuelewe kilichotokea pale. WhatsApp inamjua mtu kwa namba yake. Ukishaingia mara moja, haikuulizi kila siku laini iko wapi. Unaweza kuitumia miaka mingi kwa bando ya laini nyingine, au kwa Wi-Fi ya kituo cha vijana, na namba ya zamani ikaendelea kukutambulisha. Ndiyo maana wazee wetu wengi wanatembea na simu yenye laini ya Uganda au Kenya, lakini ndani yake WhatsApp ni ya Kongo au Burundi. Kila kitu kinakwenda vizuri mpaka siku mtu anaifuta. Akirudi anaanza mlangoni, na mlangoni anaombwa zile tarakimu sita. Tena kampuni za simu zina kawaida ya kumpa mtu mwingine namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika, kwa hiyo ujumbe ule unaweza hata kuingia mikononi mwa mtu usiyemjua.

Baada ya hapo nilikaa nikaandika kwenye daftari maneno ya kumwongoza mzee kwa simu, hatua kwa hatua, kuanzia ile isiyoweza kuharibu kitu. Mwezi uliopita mama yangu mkubwa alinipigia kutoka Nakivale, Uganda, mimi nikiwa hapa Kakuma, na shida ilikuwa ileile. Nitawapitisha kwenye simu hiyo jinsi ilivyokwenda, ili anayetaka anakili.

Kwanza, kabla ya kugusa chochote

Nilipoona jina lake nilikata, nikampigia mimi. Mzee akiwa anakula salio lake mwenyewe anaharakisha, na akiharakisha anakosea. Tukasalimiana kabisa, maana bila salamu mama mkubwa haanzi.

"Mama mkubwa, jambo sana. Umeamkaje?"

"Jambo, mutoto wangu. Niko. Lakini Watsapu yangu imebloke. Niko nafinya nafinya, haisikie."

"Unaongea na mimi kwa simu ileile, ama umeazima?"

"Ni hii hii yangu."

Swali hilo si la bure. Kama amepokea simu yako kwenye simu hiyohiyo na mnasikilizana, tayari umejua jambo kubwa: simu yenyewe haijaganda. Kilichoganda ni programu moja tu. Kama ameazima ya jirani, bado hujui, na utahitaji kumwomba aijaribu.

Kisha nikauliza swali ambalo kwa maoni yangu linapaswa kuwa la kwanza katika kila msaada wa simu kambini: "Namba ambayo watu wanaona kwenye Watsapu yako ni ya wapi? Na kadi yake iko wapi sasa?"

"Ni ya kwetu. Kadi ilipotelea Bunagana."

Pale nikachora mstari mwekundu kwenye daftari. Maana yake leo hakuna kufuta, hata ikishindikana yote. Nikamwambia waziwazi: "Mama mkubwa, leo hatutafuta kitu cha Watsapu. Ukiona simu inakuuliza kitu usichokielewa, usifinye. Nisomee kwanza." Mzee akijua kwamba kusimama na kuuliza kunaruhusiwa, anatulia. Wengi wanafinya ovyo kwa sababu wanaona aibu kutuchelewesha.

Pili, macho na sikio

Mzee akiweka simu sikioni, kioo kinazima chenyewe. Akiishusha kutazama, hasikii unachosema. Nusu ya ugomvi wetu na wazee kwenye simu unatoka hapo: wewe unadhani hataki kufuata, kumbe hajasikia. Kwa hiyo kabla ya yote mwambie aweke sauti ya nje.

"Toa simu kwenye sikio, uitazame. Unaona alama ndogo kama spika, kama radio inatoa sauti? Finya hapo."

"Eh! Sasa uko unapiga kelele."

"Vizuri. Sasa iweke kwenye meza, tutazame pamoja."

Na hapa niseme kuhusu maneno. Sisi tuliosoma huku tumezoea "bonyeza", "ikoni", "mipangilio". Mama mkubwa neno lake ni "finya". Ukimwambia "bonyeza" anakuelewa baada ya kufikiri, na ule muda wa kufikiri ndio unaomchosha. Tumia neno la kwao. Tena usitaje kitu kwa jina lake la kitaalamu, kitaje kwa umbo: kiduara, mraba, alama kama spika. Na umwambie akirudie anachokiona yeye, usimwambie unachokiona wewe kwenye simu yako, maana simu zenu hazifanani.

Simu yake iko kwa Kifaransa. Nilijua hilo kabla, kwa hiyo nilikuwa nimeandika maneno ya Kifaransa kwenye daftari. Mkikutana na mzee ana kwa ana, angalieni lugha ya simu yake muiandike. Ukimwambia atafute "Force stop" kwenye simu ya Kifaransa, mtazunguka hadi salio liishe.

Tatu, kuifunga na kuisimamisha

Chini ya kioo cha simu nyingi za bei yetu kuna alama tatu: pembetatu, kiduara na mraba. Nikamwambia afinye kiduara. Akafinya, picha ya mwanzo yenye programu zote ikaja. Hilo likathibitisha kwamba simu nzima ni nzima.

"Sasa finya mraba. Utaona karatasi karatasi, kama picha zimepangwa."

"Naziona."

"Ile ya Watsapu iguse, uisukume juu kama unaitupa. Usiachilie katikati."

Ikaondoka. Tukafungua WhatsApp upya, ikaganda tena palepale. Hii ni kawaida. Kuisukuma karatasi ile kunaondoa picha yake mbele yako, lakini mara nyingi sehemu ya programu inabaki inafanya kazi kwa nyuma, na iliyokwama inabaki imekwama. Kuna kusimamisha kwa nguvu, na ndiyo hatua inayofuata.

Hapa nendeni polepole sana, kwa sababu neno la kusimamisha na neno la kufuta yamekaa jirani. Nikamwambia arudi kwenye picha ya mwanzo, aweke kidole juu ya WhatsApp bila kukiondoa mpaka kitu kitokee. Kikatoka kisanduku kidogo, na ndani yake kiduara chenye herufi i. Akakifinya. Ukurasa ukafunguka wenye jina la WhatsApp juu.

"Nisomee maneno yaliyo chini ya jina, usifinye bado."

"Moja ni O, ingine D, ingine F."

Ile ya O ni "Ouvrir", kufungua. Ile ya D ni "Désinstaller", yaani kuiondoa kwenye simu. Ile ya F ni "Forcer l'arrêt", ndiyo tunayoitaka. Kwenye simu ya Kiingereza ni "Open", "Uninstall" na "Force stop". Kuna simu zinazoonyesha maneno mawili tu, lakini sumu na dawa bado ziko bega kwa bega.

"Mama mkubwa, ile ya D ni moto. Usiiguse. Finya ya F."

"Imeniuliza kitu."

"Nisomee neno la kwanza la juu."

"Forcer."

"Basi finya OK."

Swali hilo linalotokea linatisha kidogo, linasema programu inaweza kuleta matatizo. Lisikutishe. Kusimamisha kwa nguvu hakufuti ujumbe hata mmoja. Lakini lazima asome neno la kwanza kabla ya OK, kwa sababu kama alifinya D kwa bahati mbaya, swali litazungumzia kuondoa, na hapo mnachagua "Annuler". Utajuaje kwamba imesimama? Neno la F linafifia, linakuwa la kijivu na halifinyiki tena. Mwulize, "Limebadilika rangi?" Akisema ndiyo, mmefaulu.

Nne, kuizima na kuiwasha

WhatsApp ya mama mkubwa ilifunguka baada ya hapo, ikakaa kama dakika moja, ikaganda tena. Tukaenda kwenye kuizima simu na kuiwasha. Watu wengi huanza na hatua hii. Mimi naiweka ya nne kwa sababu inakata mazungumzo, na mzee akibaki peke yake na simu inayowaka ndipo mambo yanapoharibika.

Kwa hiyo kuna maswali mawili kabla ya kuizima. La kwanza ni la chaji: simu yenye chaji ya mwisho inaweza isiwake tena mpaka kesho. La pili: "Ikiwaka huwa inakuomba namba za siri? Unazikumbuka?" Kuna namba ya kufungua kioo, na kuna namba ya laini yenyewe. Akikosea ile ya laini mara tatu, laini inajifunga na kudai namba nyingine ndefu inayoitwa PUK, ambayo kwa kawaida iko kwenye karatasi iliyokuja na laini. Na kama laini iliandikishwa na mtu mwingine, karatasi hiyo anayo huyo mtu. Mzee asiyekumbuka namba, usimzimie simu. Subiri awe na mtu pembeni.

Mama mkubwa alisema hakuna namba inayoombwa. Tukapatana hivi: "Utafinya kile kitufe cha pembeni cha kuzimia, bila kuachilia, mpaka maneno yatokee. Finya Redémarrer. Mimi nitakatika. Usinipigie. Ngoja, nitakupigia mimi baada ya dakika tano." Kupatana nani atampigia nani ni muhimu. Bila hivyo wote wawili mnapigiana, kila mmoja anakuta mwenzake anatumika, na mzee anadhani simu imekufa.

Kama kioo chenyewe kimeganda na maneno hayatokei, afinye kitufe hicho kimoja tu na kuhesabu taratibu hadi 30 bila kuachilia. Kitufe kimoja, narudia. Vijana wengine huwaambia wazazi wafinye cha kuzimia pamoja na cha sauti. Kwenye simu nyingi vitufe hivyo viwili vinafungua ukurasa wa mafundi wenye maandishi madogo, na mstari mmoja humo unafuta simu nzima. Huko si mahali pa kumpeleka mama mkubwa kwa sauti ya nje.

Tano, kutafuta sababu

Nilimpigia tena. Simu ilikuwa imewaka, WhatsApp ikafunguka, lakini akasema inakwenda kama mtu anayepanda mlima na gunia. Programu ikiganda mara moja, huenda ni bahati mbaya. Ikiganda tena na tena, kuna sababu, na kwenye simu ndogo zetu sababu ya kwanza ya kuishuku ni simu kujaa. Kila picha, kila wimbo, kila video ya mahubiri inayozunguka kwenye vikundi inatua ndani yake. WhatsApp inahitaji nafasi tupu ili iandike ujumbe unaoingia. Ikikosa, inakwama mlangoni.

"Mama mkubwa, kuna ujumbe wowote juu unaosema simu imejaa? Neno kama stockage?"

"Uko, tangu juzi. Nilikuwa nausukuma."

Hapo wengi wetu tungekimbilia kufuta picha. Mimi naona tusiguse picha za mzee kwa simu. Hatuoni anachokiona, na picha anayoiona haina maana inaweza kuwa ya pekee ya mtu aliyebaki nyuma. Kuna kitu rahisi zaidi. Nikauliza, "Wajukuu wanacheza nini kwenye simu yako?"

Akacheka. Kulikuwa na mchezo wa mpira na mchezo wa magari. Michezo ya namna hiyo inaweza kula nafasi kubwa kuliko picha za mwaka mzima, na ikiondoka hakuna anayelia zaidi ya siku moja. Nikamwita mjukuu wa miaka kumi aje pembeni yake asaidie kusoma. Tukaifanya njia ileile: kidole juu ya mchezo, kiduara chenye i, ukurasa ukafunguka. Safari hii ile ya D ndiyo tuliitaka, kwa hiyo sharti likawa moja: asome jina la juu kwa sauti kabla ya kufinya. Akasoma jina la mchezo, siyo la WhatsApp. Nikasema finya. Mchezo wa pili hivyohivyo. Ujumbe wa kujaa ukaondoka.

Kwenye ukurasa huohuo wa i kuna njia ya kuingia kwenye nafasi ya programu, na ndani yake kuna maneno mawili yanayokaa pamoja. "Vider le cache" inaondoa takataka za muda, haidhuru. Lingine, lenye neno "données" au "stockage", linamfanya mtu awe kama amefuta programu nzima, na tunarudi kwenye zile tarakimu sita. Mimi kwa simu siingii huko kabisa na mzee ambaye laini yake imepotea. Faida ni ndogo, na kosa la kidole kimoja halirudishiki. Hapo ndipo mpaka wangu wa simu unapoishia. Kama hatua hizi tano zimeshindikana, mwambie aiache hivyo ilivyo, asimpe fundi wa sokoni, na atafutiwe mtu wa kuaminika wa kukaa naye ana kwa ana.

Sita, kujaribu baada ya kukata

Kuna kosa moja nililifanya kwa miaka bila kujua. Mkiwa bado mnaongea unamwambia mzee, "Haya, tuma ujumbe tuone." Anatuma, ujumbe unabaki na kasaa kadogo pembeni, hauendi. Unadhani bado imekwama, unaanza upya. Kumbe kwenye simu na mitandao mingi ya huku, ukiwa unaongea kwa simu ya kawaida data inasimama mpaka ukate. Programu nzima, ila njia imefungwa na sauti yenu wenyewe.

Kwa hiyo nilimwambia, "Sasa nitakata. Hesabu hadi ishirini, halafu nitumie sauti yako kwenye Watsapu. Nikiipata nitakujibu." Kasaa kakiondoka ikaja alama moja ya vema, ujumbe umetoka kwenye simu yake. Zikiwa mbili, umefika kwangu. Baada ya dakika mbili nilisikia sauti yake: "Mutoto wangu, imekubali. Mungu akuzidishie." Tangu simu ya kwanza hadi hapo zilikuwa dakika arobaini hivi. Kufuta kungechukua dakika tatu.

Lakini kazi haikuisha pale. Kesho yake, WhatsApp ikiwa inafanya kazi, tulifanya jambo ambalo nadhani kila mmoja wetu anapaswa kulifanya wiki hii kwa mzee wake. WhatsApp ina njia ya kuhamisha akaunti kutoka namba ya zamani kwenda mpya. Iko kwenye "Paramètres", halafu "Compte", halafu "Changer de numéro". Kwa Kiingereza ni "Settings", "Account", "Change number". Unaandika namba ya zamani, unaandika mpya, na zile tarakimu sita zinatumwa kwenye namba mpya, siyo ya zamani. Kwa hiyo kadi iliyopotea haihitajiki. Vikundi vinakuja naye, na mazungumzo yanabaki kwenye simu yake. Sharti ni moja: ifanyike programu ikiwa bado iko hai kwa namba ya zamani. Ukishaifuta, mlango huo umefungwa. Baba mdogo angeweza kuupitia siku yoyote katika miaka ile yote, na mimi sikujua.

Kwenye kuhama huko tarakimu sita zilikuja kwenye simu ya mama mkubwa, naye akaanza kunisomea. Nikamkatiza. Nikamwambia aziandike mwenyewe, mjukuu amsaidie. Siyo kwamba angeniibia mtu nikiwa mimi. Ni kwamba matapeli hupiga simu kwa sauti ya upole, wanasema wao ni wa ofisi fulani au rafiki wa mtoto wako, na wanachoomba ni zile tarakimu tu. Ukizitoa, WhatsApp yako inafunguka kwao, na kesho wanawaomba ndugu zako pesa kwa jina lako. Nikimzoesha kunisomea mimi, nimemzoesha kumsomea kila anayepiga. Kwa hiyo kwenye daftari langu kuna sentensi ya mwisho, na huwa naisema kila simu: "Namba hizo usimpe mtu, hata mimi."

Sasa neno kwa ndugu zetu wanaofanya kazi kwenye mashirika, maana najua mnasoma hapa. Mafunzo ya simu mnayotuletea ni mazuri, tunajifunza kupakua na kujisajili. Lakini wanaokuja pale ni vijana, na wenye simu zinazoganda ni mama zetu walio nyumbani wakisubiri ujumbe wa mgao au wa mtoto aliye mbali. Kijana wa kujitolea aliye kwenye dawati la msaada akijua kuuliza swali moja tu, "kadi ya namba hii iko wapi?", kabla ya kushika simu ya mtu, ataokoa akaunti nyingi kuliko mafunzo ya siku nzima. Na akiikuta kadi imepotea, amsaidie mwenye simu kuhama namba palepale, siku ambayo hakuna kilichoharibika.

Kuna wenzangu wanaosema maneno yangu ni marefu mno, kwamba mzee hawezi kuvumilia hatua sita kwenye simu. Mimi nasema mama mkubwa alivumilia. Aliyekuwa havumilii zamani ni mimi. Chukueni maneno haya, muyaweke kwa Kibembe, Kinyarwanda, Kirundi, Kifuliiru, au lugha yoyote ambayo mama yako anaitumia akiwa na hasira. Badilisheni "finya" muweke neno la kwenu. Yaandikeni kwenye karatasi, kwa sababu siku simu itakapoganda, hayo yaliyo ndani ya simu hayatasomeka.

Na kabla hujaendelea na shughuli zako leo, mpigie mzee wako mmoja umuulize namba yake ya WhatsApp ni ya wapi.